Yah: Onyesho la mashine ya kupimia maziwa na tanki la kupozea, kituoni kwenu Kiwira, Alhamisi 18 Juni 2026

Mama Mwambene, shikamoo.

Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya wiki iliyopita, na kwa kunieleza wazi kinachowasumbua: wafugaji wanaoleta maziwa safi wanalalamika kwamba wanalipwa sawa na wanaoongeza maji, na maziwa ya jioni yanafika asubuhi yakiwa yameanza kuchacha. Onyesho tumelipanga kujibu hayo mawili. Vifaa vingine tunavyouza hatutavibeba.

Tutafanyia kituoni kwenu, siku ya kazi ya kawaida, kuanzia saa 12:30 asubuhi wafugaji wanapoanza kuleta maziwa, hadi saa 5:30 gari la kiwanda linapokuja kupakia. Ningeweza kuwaalika ofisini kwetu Mbeya, lakini kule mngeona mashine ikipima maziwa tuliyoyaandaa sisi wenyewe, na hilo lisingewasaidia kuamua.

Kwa upande wenu, nimeandika majina kama tulivyokubaliana: wewe mwenyewe kama Katibu, Mwenyekiti, Mzee Asajile Mwaipopo, Mhazini, Ndugu Lusajo Mwandenga, na Dada Tusekile Mwasomola anayepokea maziwa. Dada Tusekile namhitaji tangu dakika ya kwanza, maana ndiye atakayeishika mashine kila siku mkiinunua. Ikiwezekana, waalikeni pia wafugaji wawili wasio wajumbe wa bodi, mmoja wao awe ni yule anayelalamika zaidi, pamoja na ofisa mifugo wa kata.

Kwa upande wetu tutakuja wanne. Mimi nitaongoza onyesho. Fundi wetu wa majokofu, Ndugu Hamisi Kitwana, atasimamia tanki na umeme. Maswali ya vipuri na matengenezo muulizeni yeye moja kwa moja. Dada Joyce Mwita ataonyesha mzani na mfumo wa kumbukumbu. Meneja wa tawi, Ndugu Prosper Lyimo, atafika saa 4:30 akiwa na ankara kifani iliyopigwa muhuri, ili habari ya bei na malipo ya awamu izungumzwe na mtu mwenye mamlaka ya kuamua.

Tutaanza na upimaji. Naomba wewe na Dada Tusekile muandae chupa tatu, kila moja nusu lita, bila sisi kuwepo. Ya kwanza iwe maziwa safi ya ng'ombe mmoja mnayemwamini. Ya pili yawe maziwa hayohayo yaliyoongezwa maji: sehemu tisa maziwa, moja maji. Ya tatu muyaache yatulie, muengue malai ya juu, kisha muongeze maji kidogo kidogo hadi laktomita isome kama maziwa safi. Wekeni alama mnazozijua ninyi tu. Mtazipima kwanza kwa laktomita yenu, halafu kwa mashine, na Mhazini aandike majibu ya pande zote mbili ubaoni.

Naisisitiza hiyo ya tatu kwa sababu ndiyo inayowaponyoka. Laktomita inapima uzito wa maziwa tu. Maji yanaupunguza, kuengua malai kunauongeza, kwa hiyo anayefanya yote mawili anapita bila shida. Hata maji peke yake yanaweza kupita: maziwa ya 1.030 yakitiwa maji asilimia 10 yanashuka hadi 1.027, na ninyi mnapokea kuanzia 1.026. Mashine inatumia mawimbi ya sauti, na kwa takriban dakika moja inatoa kiwango cha mafuta, vitu vigumu visivyo mafuta, uzito na makadirio ya maji yaliyoongezwa. Chupa ya tatu itaumbuliwa na kiwango cha mafuta.

Kuna mambo ambayo mashine hii haifanyi, na ni bora myajue kabla ya siku yenyewe. Haioni mabaki ya dawa za antibayotiki. Hayo yana kipimo chake tofauti. Maziwa yaliyochacha au yenye povu jingi yanaipa majibu ya uongo, kwa hiyo kipimo cha spiriti mlangoni kinabaki palepale. Na inataka kuoshwa kila baada ya zamu. Dada Tusekile ataiosha mwenyewe mbele yetu, aone kazi ilivyo.

Tanki tutakaloleta ni la lita 300, dogo kuliko la lita 1,000 mnalolifikiria, ila namna ya kufanya kazi ni ileile. Maziwa yataanza kuingia saa 1 asubuhi, na tunatarajia yafike nyuzi 4 ifikapo saa 4. Hapo Ndugu Hamisi atazima umeme kwa saa nzima. Kwa jinsi umeme unavyokatika, nadhani hiki ndicho kipande muhimu kuliko vyote: Mzee Mwaipopo asome kipimajoto mwanzoni na mwishoni, aone joto limepanda kiasi gani. Kumbukeni tu kwamba Juni Rungwe ni baridi, na tanki litapoza haraka kuliko litakavyopoza Novemba. Ndugu Hamisi atawaeleza tofauti hiyo kabla hamjaulizia bei.

Mzani tutauonyesha kwa ufupi. Tutakaokuja nao umehakikiwa na Wakala wa Vipimo na stika yake ipo. Unapima kwa kilo, na mfumo unageuza kuwa lita, maana lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Mfugaji anapokea ujumbe kwenye simu yoyote, hata ya kitochi, kwa mfano:

"18/06. Lita 9.4. Mafuta 3.9. Jumla ya mwezi: lita 152.6."

Kwa hili naomba wafugaji kumi watakaokubali wenyewe kutumia namba zao. Tukimaliza, Dada Joyce atazifuta mbele yako.

Kwa upande wa maandalizi, gari letu litaleta tanki Jumatano tarehe 17, saa 10 jioni. Tunahitaji sehemu yenye kivuli, sakafu isiyoinama, bomba la maji karibu, na soketi iliyo imara. Tanki hili linatumia umeme wa njia moja. Hilo la lita 1,000 huenda likahitaji njia tatu, kwa hiyo Ndugu Hamisi ataikagua mita yenu jioni hiyohiyo, ili gharama ya kuvuta umeme isije ikawashtukiza baada ya kununua.

Onyesho ni bure na haliwafungi kununua. Maziwa ya kwenye tanki ni yenu na yataondoka na gari la kiwanda kama kawaida. Tanki litaoshwa na kusafishwa kwa dawa mbele ya ofisa mifugo kabla tone halijaingia. Maziwa ya chupa za majaribio tutayalipia kwa bei yenu ya siku hiyo, kisha yamwagwe. Yasirudi kwenye keni hata kidogo.

Naomba unithibitishie kabla ya Ijumaa tarehe 12 Juni, pamoja na majina ya wale wafugaji wawili na ofisa mifugo. Kama Mwenyekiti hatakuwepo tarehe 18, niambie tusogeze hadi Jumanne tarehe 23, kwa sababu nisingependa bodi iamue kwa kusimuliwa. Simu yangu ni ileile uliyonipigia.

Wasalimie wote kituoni.

Neema Sanga
Ofisa Mauzo, Vifaa vya Maziwa
Tawi la Mbeya
8 Juni 2026

Nakala: Ndugu Prosper Lyimo, Ndugu Hamisi Kitwana, Dada Joyce Mwita