Pendekezo la kupunguza gharama za mitambo na umeme: zahanati ya uzazi na upasuaji, Kampemba

Lubumbashi, 7 Julai 2025

Kwa Mama Mkurugenzi na Wanahisa,

Katika kikao cha mwezi uliopita mlituambia wazi kwamba mkopo hautaongezwa, na kwamba dola 612,000 za mitambo na umeme haziwezekani. Mlituomba tushuke hadi 460,000 bila kugusa chumba cha upasuaji wala usalama wa mama na mtoto. Tumepitia michoro upya, kifaa kwa kifaa, tukiuliza swali moja tu: hiki kinafanya kazi gani, na kuna njia ya bei nafuu zaidi ya kuifanya kazi hiyohiyo? Tumefika dola 445,000.

Kabla ya yote, tukiri jambo. Sehemu ya pesa tunayoirudisha leo ni hofu yetu wenyewe. Mwaka jana tulijumlisha nguvu za vifaa vyote kama zilivyoandikwa kwenye vibao vyake, kana kwamba mashine ya kufulia, jiko, pampu na viyoyozi vyote vingewashwa dakika moja. Tulipata kVA 236. Safari hii tumefuata ratiba ya kazi ya zahanati, saa kwa saa, tukihesabu pia upunguzaji wa kupoza hewa ulioelezwa hapa chini. Kilele ni kVA 128. Usiku mzigo hushuka hadi kama 40.

Kupoza hewa

Hapa ndipo penye pesa nyingi. Mchoro wa kwanza una mtambo mkuu wa kupoza maji, wa kW 190, na mabomba yanayopeleka baridi hadi kila wodi, korido na ofisi. Mtambo kama huo unafaa Kinshasa. Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya bahari, na joto linalotutesa kweli ni la Septemba hadi mvua zinapokolea. Juni na Julai usiku, kila aliyewahi kulala hapa anajua, tatizo ni baridi. Mtambo tuliouchora haukuwa na uwezo wa kupasha hewa, ilhali chumba cha kujifungulia kinatakiwa kiwe na nyuzi 25 au zaidi ili mtoto mchanga asipoe. Tulikuwa tunawauzia ghali kitu kisichotatua shida yenu ya Julai.

Tunapendekeza wodi zipate hewa ya asili: madirisha mapana pande mbili zinazotazamana, feni za darini, na vizuia jua vya zege upande wa magharibi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida. Kwa upana wa madirisha tuliouchora, upepo wa kawaida wa eneo hili unatosha kufikia kiwango hicho, na hewa inayopita husaidia kupunguza maambukizi ya kifua. Siku ambazo upepo umetulia kabisa, feni zitasaidia kuburudisha, lakini hazileti hewa mpya. Kwa hiyo tumeacha pia matundu ya juu ya ukuta yasiyofungwa.

Vyumba vya kujifungulia, watoto wachanga, maabara, famasia na picha vitapata viyoyozi vya ukutani vya inveta, vinavyopoza na kupasha. Chumba cha upasuaji kinabaki na mtambo wake wa hewa, vichujio vya HEPA na shinikizo la hewa linalosukuma nje. Hatujaupunguza hata kidogo. Jumla ya kupoza inashuka hadi kW 74.

Faida nyingine ni ya fundi. Mtambo mkuu ukiharibika, jengo zima linasimama mkingoja kipuri kivuke Kasumbalesa. Kiyoyozi kimoja cha ukutani kikifa, kimekufa chenyewe.

Jenereta

Mlikuwa mnunue mbili za kVA 250. Usiku, SNEL ikikata, kila moja ingezungusha mzigo wa kVA 40, yaani asilimia 16 ya uwezo wake. Injini ya dizeli inayofanya kazi hivyo kwa muda mrefu haichomi mafuta vizuri: inajaa masizi, inatoa moshi, inazeeka mapema.

Badala yake: moja ya kVA 160 na moja ya 100. Katika hesabu tumekata asilimia 5 ya uwezo wa kila moja kwa ajili ya mwinuko wa mji. Kubwa inabeba mchana mzima, ndogo inabeba usiku ikiwa na mzigo wa afya. Mlijue hili mapema: kubwa ikiharibika mchana, ndogo inabeba kVA 71 za lazima, yaani upasuaji, uzazi, watoto wachanga, oksijeni, maabara na pampu. Jiko la umeme, kufulia na viyoyozi vya ofisi vitazimwa vyenyewe. Kama hilo halikubaliki kwenu, tutarudi kwenye mbili za 160, na akiba itapungua kwa dola 13,000.

Umeme na maji, kwa kifupi

Transfoma inashuka kutoka kVA 400 hadi 250, na bado karibu nusu ya uwezo wake inabaki kwa upanuzi. Kebo kuu ya mita 85 kutoka kabini inakuwa ya alumini, nene zaidi kidogo, na viunganishi maalumu vya alumini na shaba. Tunajua inachekesha kuwaambia watu wa mji wa shaba wanunue alumini, lakini shaba yetu hutoka ikiwa bamba na kurudi ikiwa kebo ya bei hiyo. Nyaya zote za vyumbani zinabaki shaba.

Mfumo wa kompyuta wa kuendesha jengo unaondoka; saa za kuwashia na vidhibiti vya joto vinatosha. Maji ya REGIDESO yatapandishwa kwenye tangi la paa na kushuka yenyewe, na pampu ndogo moja kwa ghorofa ya juu tu.

| Kipengele | Akiba | Gharama mpya | Akiba halisi (dola) |
|---|---|---|---|
| Kupoza hewa | 88,000 | 9,000 (vizuia jua) | 79,000 |
| Jenereta | 50,000 | 0 | 50,000 |
| Transfoma na kebo | 20,000 | 0 | 20,000 |
| Mfumo wa kompyuta | 21,000 | 2,000 | 19,000 |
| Maji | 8,500 | 3,500 (kuimarisha paa) | 5,000 |
| Kuchora upya | 0 | 6,000 | −6,000 |
| Jumla | | | 167,000 |

Ada yetu ya 6,000 haipandi akiba ikipanda. Tumekataa asilimia kwa makusudi, maana mshauri anayelipwa kwa kukata atakata hata pasipokatika.

Tulichokataa

Mwanahisa mmoja alipendekeza jenereta moja tu, na mwingine jenereta zilizotumika. Hapana kwa yote mawili. Mama aliye mezani hasubiri. Hatujagusa pia mabomba ya oksijeni, betri za dharura za upasuaji, vifaa vya kuzimia moto, wala waya wa ardhi na kinga ya radi. Radi za msimu wa mvua hapa mnazijua.

Tunachoomba

Jibu la maandishi kabla ya 25 Julai. Zege la paa linamwagwa 18 Agosti, na mhandisi wa jengo lazima ajue kabla ya hapo kwamba tangi la tani 10 litakaa juu yake. Mkikubali sehemu tu, kubalini kupoza hewa pamoja na jenereta. Hesabu ya jenereta inategemea kwamba mtambo wa kW 190 haupo.

Wenu katika kazi,
Mhandisi mshauri wa mitambo na umeme