Ombi la siku moja ya kujaribu kazi

Shikamoo mama Meneja,

Ni yule kijana wa Kipalapala aliyeleta Jumanne barua ya maombi ya kazi ya kupokea asali ghalani, nikiwa na bahasha ya kaki iliyolowa mvua. Samahani kwa hilo.

Kabla hujaamua, naomba kuuliza: inawezekana nije siku moja tu nifanye kazi chini ya macho yenu, au hata nisimame pembeni nitazame? Nyumbani tumefuga nyuki miaka yote, kwa hiyo asali iliyorinwa mapema naijua kwa macho: nyepesi, inatiririka upesi kijikoni, na ikikaa inachacha. Lakini kile kipimo chenu cha maji, kile cha kuweka tone kwenye kioo na kutazama kwenye mwanga, sijawahi kukishika. Sitaki mfugaji atoke Sikonge na ndoo zake kwenye baiskeli, halafu mimi nimsomee vibaya.

Siku hiyo sidai malipo. Kubeba ndoo, kuchuja, kuosha mapipa, vyote niko tayari. Buti ninazo, koti jeupe na kofia, kama lazima nije navyo, niambie nitaazima.

Jumatano au Alhamisi ijayo nina nafasi, saa moja na nusu asubuhi nitakuwa getini. Kama utaratibu wenu hauruhusu mtu asiye na mkataba kuingia ghalani, nitaelewa, na maombi yangu yabaki palepale.

Wako mtiifu,
Mwombaji, nafasi ya mpokeaji asali