Barua ya Kukubali Ajira ya Afisa Udhibiti Ubora

Buhongwa,
Mwanza.
27 Januari, 2026

Meneja Rasilimali Watu,
Kiwanda cha Kusindika Samaki,
Ilemela, Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKUBALI AJIRA YA AFISA UDHIBITI UBORA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yenu ya tarehe 22 Januari, 2026 pamoja na rasimu ya mkataba. Nimezisoma zote mbili na ninaikubali nafasi hii kwa moyo mkunjufu.

Nathibitisha tuliyokubaliana. Mshahara ni shilingi 950,000 kwa mwezi kabla ya kodi na mchango wangu wa asilimia 10 wa NSSF. Mkataba ni wa miaka miwili, miezi sita ya mwanzo ikiwa ya majaribio. Kazi ni saa 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28, na saa za usiku zina nyongeza ya asilimia 5 kama sheria ya ajira inavyotaka.

Nitaripoti Jumatatu, 2 Machi, 2026, saa 1:30 asubuhi. Barua yenu ilitaja 16 Februari, ila jana kwa simu mlikubali kuisogeza mbele kwa kuwa natakiwa kumpa mwajiri wangu wa sasa, kule Sengerema, notisi ya siku 28. Notisi hiyo nimeikabidhi leo asubuhi. Naomba tarehe mpya iingizwe kwenye mkataba kabla sijausaini.

Naomba pia kipengele cha usafiri wa zamu ya usiku. Kwenye usaili nilielezwa kuwa lipo gari la wafanyakazi, lakini rasimu haikulitaja. Zamu inapoisha saa 6 usiku, kupata daladala ya Buhongwa ni bahati, na bodaboda ya kila siku itaumaliza mshahara. Ombi hili silitoi kama sharti. Naomba tu liwe kwenye maandishi.

Vipimo vya afya vya wanaoshika chakula nitavifanya wiki ijayo katika Hospitali ya Sekou Toure. Vyeti halisi, kitambulisho cha NIDA na namba ya TIN nitakuja navyo siku ya kuripoti.

Naomba unifikishie shukrani zangu kwa jopo la usaili. Nilijiandaa kwa maswali ya kukariri, nikakuta trei ya sangara mezani: mmoja macho bado yanang'aa, lakini ukimfunua matamvua yameshageuka kahawia. Kisha mama aliyeongoza jopo akaniuliza nitamjibu nini tajiri wa mitumbwi anayeapa kwamba mzigo umevuliwa alfajiri ileile. Aliposikia kuwa ningeukataa mzigo na kuandika sababu, hakuniuliza kiwanda kingepoteza shilingi ngapi. Hapo ndipo nilipotamani kufanya kazi kwenu.

Nasubiri mkataba uliorekebishwa ili niurudishe ukiwa na saini yangu.

Wako mtiifu,

Neema Magesa