Kahawa ya Moshi mezani, picha ya kutoka juu

Picha halisi ya kamera, lenzi ikitazama chini wima, umbo la mraba. Juu ya meza ya mbao iliyopauka: kijiko cha mbao chenye buni mbichi za arabika, kijani iliyofifia, mstari wa katikati wa kila punje uonekane vizuri, bakuli la udongo lenye buni zilizokaangwa zikawa kahawia, zisiwe nyeusi wala kung'aa mafuta, kikombe kidogo kisicho na mkono, kipande cha jani la mgomba, maana kahawa ya Kilimanjaro hukua migombani. Vitu visigusane kabisa, nafasi zilingane. Mwanga laini wa siku ya mawingu, sawa pande zote, vivuli hafifu. Rangi: kahawia, krimu na kijani tu. Pasiwe na mikono, maandishi wala nembo.