Jaribio la Historia, Kidato cha Sita: Mgawanyo wa Bara Hindi, 1947

Muda: dakika 45. Alama: 25. Soma vyanzo vyote viwili kabla hujaanza kuandika.

Chanzo A: Maelezo ya mtunga swali

Cyril Radcliffe, mwanasheria Mwingereza ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India, alitua huko tarehe 8 Julai 1947. Alipewa takribani wiki tano kuyakata majimbo ya Punjab na Bengal. Pakistani ikapata uhuru tarehe 14 Agosti, India tarehe 15. Mpaka wenyewe ulitangazwa tarehe 17, sherehe zimekwisha. Watu kati ya milioni 12 na milioni 15 walihama makwao. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 200,000 na kufika milioni 2. Wanawake wapatao 75,000 wanakadiriwa kutekwa au kubakwa.

Chanzo B: Simulizi iliyotungwa kwa ajili ya jaribio hili. Msemaji ni mama Mwislamu kutoka wilaya ya Gurdaspur, akiwa kambini Lahore, Oktoba 1947

"Bendera ya Pakistani ilipandishwa mjini, watoto wakagawiwa peremende. Siku ya tatu tukaambiwa tumo India. Unga ulikuwa umeshakandwa, nikaufunika kwa kitambaa, nikidhani tutarudi jioni. Jirani yetu Kalasinga alitusindikiza hadi mwisho wa shamba lake, akasema zaidi ya hapo hana uwezo. Kaka yangu alirudi kumfungua nyati wa maziwa asije akafia kambani. Tulimngoja kwenye daraja la mto Ravi mpaka watu nyuma yetu wakaanza kutusukuma."

Maswali

(a) Taja mambo mawili katika Chanzo A yanayoonyesha kwamba kazi ya kuchora mpaka ilifanywa kwa pupa. (Alama 4)

(b) Jirani wa Chanzo B anatuambia nini kuhusu uhusiano wa Waislamu na Makalasinga vijijini, na anatuficha nini? Tumia maneno yake mwenyewe. (Alama 5)

(c) Kadirio la juu la vifo ni mara kumi ya lile la chini. Eleza kwa nini kuhesabu maiti kulikuwa kugumu Punjab mwaka 1947. Fikiria misafara ya miguu, treni zilizoshambuliwa, na polisi waliokuwa wakigawanywa wao wenyewe. (Alama 6)

(d) "Mstari wa Radcliffe ndio uliowaua watu hawa." Je, unakubali? Tumia vyanzo vyote viwili pamoja na unayoyajua kuhusu mauaji ya Kalkuta, Agosti 1946, na ya Rawalpindi, Machi 1947, yote yaliyotangulia kuja kwa Radcliffe. (Alama 10)

Angalizo: kwenye (d), anayenianzia na Gandhi huko Afrika Kusini anapoteza muda wake, hakuna alama huko. Na anayekubali au kukataa bila kugusa zile siku mbili baina ya uhuru na tangazo la mpaka hatavuka alama 6.