Kitu kizito kilichofukuliwa kwenye msingi wa nyumba, Kuze

Kwa Msimamizi,
Makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa.

Assalaam aleikum.

Mafundi wangu wakichimba msingi hapa Kuze Jumanne asubuhi, sururu iligonga kitu kizito, kina cha mita moja na nusu hivi, chini ya kifusi cha mawe ya matumbawe. Pembeni palikuwa na vigae viwili vya sahani, vyeupe vyenye maua ya buluu.

Umbo lake ni kama kopo kubwa la chai: mdomo wazi upande mmoja, kitako kimezibwa, na mkono mnene wa kushikia ubavuni. Urefu sentimita 24, uzito karibu kilo 9. Kutu yake ni ya kijani, kwa hiyo nadhani ni shaba. Karibu na kitako pana kitundu chembamba, msumari mdogo waingia. Ndani mmejaa udongo mweusi ulioshikana.

Kitundu hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Huenda ni kitu cha mzinga, na huo weusi ni baruti. Fundi alitaka kukisugua kwa brashi ya waya, nikakataa kabisa. Nimekifunika gunia uani, mbali na jiko, na watoto hawakaribii.

Picha nne ziko ndani ya bahasha, rula ikiwa kando: ubavu, mdomo, kitundu, na shimo lenyewe kabla halijapanuliwa.

Nawaomba sana mje mkione. Kona hiyo ya msingi nimeisimamisha hadi mfike.

Wenu,
Mama Zuhura, Kuze