Ofa ya Masika: Bati na Matangi ya Maji, Mbagala Rangi Tatu

Wateja wetu, masika yako mlangoni. Mvua ya Aprili ikishakolea, fundi hapandi juu ya paa na gari la mzigo halifiki uchochoroni. Ezeka sasa.

Kuanzia leo hadi Machi 20:

Bati la migongo mipana, geji 28, mita 3: sh. 31,000 badala ya 34,500.
Geji 30: sh. 24,000 badala ya 26,500.
Tangi lita 1,000: sh. 195,000 badala ya 220,000.
Tangi lita 2,000: sh. 385,000 badala ya 430,000.

Ukichukua bati 30 au zaidi, misumari ya bati kilo 3 ni zawadi yako. Usafiri ni bure Mbagala, Chamazi na Kongowe.

Kwa nyumba ya kuishi tunashauri geji 28. Ni nene kuliko geji 30, na upepo wa masika hauchagui. Geji 30 inatosha banda au jiko la nje.

Na tangi je? Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 50 ni takribani lita 1,000, na yote sasa hivi inaishia barazani. Gata na koki tunazo. Tangi likalie msingi imara, tambarare, maana lita 1,000 ni tani nzima.

Njoo na vipimo vya fundi, tukupigie hesabu bure. Tupo kila siku, saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Tunapokea pesa taslimu na malipo ya simu.